Mdoli wa mtoto aitwe nani? Mwongozo kamili wa kumpa jina tedi au blanketi asiloliachia mtoto

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekokota blanketi lake kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye bajaji, tayari ameshalichagua. Kilichobaki kwa watu wazima ni jina. Nalo jina lina kazi: ndilo litakalomwezesha mtoto kukiomba kitu chake kwa mtu yeyote anayemlea, awe mama, dada wa kazi, bibi wa Tukuyu au mwalimu wa kituo cha kulelea watoto. Jina likiwa baya kwa mdomo wake, au likifanana na neno jingine la nyumbani, mtoto ataomba na hataeleweka, na kilio kitakuwa kirefu.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Mbeya, na kila asubuhi napokea watoto pamoja na tedi zao, vipande vya kanga, shali za mama na mablanketi ya manyoya yaliyokwisha rangi. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza, wanaokuja wamekumbatia blanketi huongezeka. Nitakayoeleza hapa ni hatua tunazofuata na wazazi, na nitazionyesha kwa kisa cha mtoto mmoja wa Uyole ambaye jina la blanketi lake lilitusumbua kweli.

Kwanza, hakikisha ndicho chenyewe

Usikimbilie kukipa jina kitu ambacho mtoto atakiacha wiki ijayo. Watoto wengi huanza kushikamana na kitu kimoja kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na mapenzi hayo hukolea wanapokaribia miaka miwili. Dalili ziko wazi ukizitazama. Anakitafuta anapoanza kusinzia. Anakitafuta akianguka, au akiingia mgeni asiyemfahamu. Ana namna yake ya kukishika: mmoja husugua lebo kati ya kidole gumba na cha shahada, mwingine huweka pembe ya blanketi chini ya pua, mwingine hunyonya sikio la tedi na kuacha mengine yote makavu. Na ukimpa kingine kinachofanana nacho, anakitupa.

Akiwa na dalili hizo, jina linafaa. Wapo watoto wasio na kitu cha namna hii kabisa, nao hawana kasoro yoyote. Usimtafutie mtoto tedi wa kumpenda kwa sababu wa jirani anaye.

Jambo la usalama lazima lisemwe hapa. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mtoto asilale na tedi, mto wala blanketi lililolegea karibu na uso, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Akikishika mchana ukiwa unamwona, ni sawa. Na tedi wa mitumba, awe ametoka Sido Mwanjelwa au Mashine Tatu kule Iringa, afuliwe kwanza, kisha vuta macho na vifungo vyake kwa nguvu. Kinachocheza kwenye uzi king'oe, na mahali pake udarizi jicho la uzi.

Pili, sikiliza kabla hujasema

Hapa ndipo pa kutumia muda. Wazazi wengi huja na jina tayari, mara nyingi jina la katuni ya kwenye televisheni au jina zuri alilolibuni shangazi, na hawajui kwamba mtoto ameshakipa kitu chake jina. Halijasikika tu kama jina.

Daktari wa watoto wa Kiingereza, Donald Winnicott, aliyeandika juu ya vitu hivi mwaka 1953, aliliona jambo hilo: jina analotoa mtoto mchanga kwa kitu chake huwa mara nyingi limechukua kipande cha neno wanalolitumia watu wazima. Kwa Kiswahili unaweza hata kubashiri kipande kipi kitachukuliwa. Maneno yetu hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto mdogo hushika pale panaposikika zaidi. Kwa hiyo huziacha silabi za mwanzo na kubaki na mbili za mwisho. Manyoya inakuwa “yoya”. Shuka atalisema “tuka” au “suka”, kwa kuwa “sh” bado inamshinda. Blanketi inakuwa “keti”. Na katika nyumba zinazosema blangeti, inakuwa “geti”, na hapo mtoto analia jioni “geti, geti,” watu wanadhani anataka kutoka nje.

Kwa siku kama tano hivi, weka daftari karibu au andika kwenye simu. Kila mtoto anapokitaka kitu chake, andika sauti aliyoitoa kama ulivyoisikia, bila kuinyoosha, na uandike alikuwa katika hali gani: ana usingizi, ameumia, au anacheza tu. Mwombe na anayeshinda naye afanye vivyo hivyo, maana mtoto anaweza kusema neno moja kwa dada na lingine kwa mama.

Baada ya hapo, thibitisha. Chagua wakati mtoto ameshiba na hana usingizi. Mwekee mkekani vitu vitatu anavyovifahamu, kwa mfano kikombe chake, mpira na blanketi, kisha useme ile sauti kwa upole kama unayeuliza: “Keti iko wapi?” Usiangalie kitu chochote unapouliza, kwa kuwa watoto hufuata macho yako kuliko maneno. Akichukua blanketi, rudia siku nyingine ukiwa umebadilisha mpangilio wa vitu. Akilichukua tena, hilo ni jina, hata kama kwako linasikika kama kelele.

Zipo sauti zinazopotosha. “Nana” huweza kuwa ni kulala, si tedi. “Nyonyo” ni titi la mama, na mtoto anayenyonya huku ameshika shali anaweza kuviita vyote viwili hivyo hivyo. Jaribio la mkekani hutenganisha: ukisema “nyonyo” naye akakugeukia wewe kifuani na kuiacha shali, umepata jibu.

Kisa cha Uyole

Mtoto alikuwa na miezi ishirini na kitu, binti, na blanketi lake lilikuwa la manyoya, la kijivu, limekatwa nusu kutoka kwenye blanketi kubwa la mitumba na kupindwa ukingo kwa uzi mwekundu. Alikuwa akilivuta kwa kona moja, ile yenye fundo la uzi, na fundo hilo ndilo alilolisugua mdomoni akisinzia.

Nyumbani baba aliliita blanketi. Dada yake wa darasa la pili aliliita Simba na kutaka kila mtu aseme hivyo. Mama alisema “kile kinguo chako”. Mtoto mwenyewe akifika kituoni alilia “keti, keti,” nasi, kwa nia njema kabisa, tulimkalisha kwenye kiti. Alizidi kulia. Tukamkalisha mkekani, akajirusha nyuma. Blanketi wakati huo lilikuwa ndani ya begi lake, limefungiwa zipu.

Mama aliposikia, alikumbuka simu ya mama mkwe wake kutoka Tukuyu, ambako mtoto alikuwa ameshinda wiki moja. Bibi alikuwa amemwambia: “Mkwe wangu, huyu mtoto ananiamrisha nikae. Nikikaa analia, nikisimama analia.” Mama akamjibu, “Samahani mama, hata sisi hatumwelewi.” Walikuwa wanazungumzia jina la blanketi bila kujua.

Tulifanya jaribio la mkekani, na mara zote mbili alilichukua blanketi. Basi jina lilikuwepo. Shida yake ni kwamba lilikuwa limekalia neno la amri linalosemwa kutwa nzima kituoni na nyumbani. Kila tukimwambia mtoto mwingine “keti chini”, huyu aligeuka kutafuta blanketi lake.

Daftari la mama ndilo lililotuonyesha njia. Mchana mtoto alisema “keti”, lakini usiku, akiwa amechoka, alisema “teti”. Hilo ni jambo la kawaida: sauti ya “k” hutengenezwa nyuma ya mdomo, na watoto wa umri huo huipeleka mbele ikawa “t”, hasa wakichoka. Kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na majina mawili ya kitu kimoja, na moja halikugongana na chochote. Tulilichukua hilo. Hatukumbunia jina jipya. Tulichagua kati ya yale mawili aliyoyaleta mwenyewe.

Kila aliposema “keti” huku akinyoosha mkono, tulimjibu, “Ee, Teti! Teti huyu hapa,” tukampa hapo hapo. Hakuna aliyemwambia “si keti, sema Teti”. Mtoto wa umri huo akisahihishwa wakati analilia kitu chake hujifunza tu kwamba ameombwa alipe kwanza. Baada ya wiki chache “keti” ilianza kupungua mchana pia, na binti akawa anasema “Teti” hata akiwa mchangamfu.

Dada yake aliyetaka Simba alihuzunika, na alikuwa na haki yake. Mama alimwachia heshima ya pekee: Simba likawa jina la ukoo. Teti Simba. Mdogo hakulisema kamwe, lakini mkubwa alilitumia kwa fahari, na halikumdhuru mtu.

Kama hakuna sauti yoyote ya kuanzia

Wakati mwingine daftari linabaki tupu. Mtoto ananyoosha mkono tu, au anaguna. Hapo wewe ndiye unayependekeza, lakini uyajenge majina kwa sauti anazoziweza. Silabi mbili zinatosha. Anza na sauti za midomo na za mbele ya mdomo: m, b, p, n, t, d, w, y. Hizi huja mapema. Sauti za r, z, sh, ch, na zaidi th, dh na gh, huchelewa. Jina kama Shazia au Dhahabu litakuwa mali ya watu wazima kwa muda mrefu. Kurudia silabi moja, au hata konsonanti moja, ni rahisi kuliko zote, kwa hiyo Wawa humtoka kabla ya Wema, na Mimo kabla ya Simo.

Pa kuchukulia jina ni pale mtoto anapopagusa. Kama anashika sikio la tedi, usiangalie rangi ya mwili wake, angalia sikio. Mtoto anayesugua utepe, jina litoke kwenye utepe: “Tepe”. Anayependa manyoya, “Yoya”. Majina ya namna hii hushika upesi kwa sababu unayatamka wakati kidole chake kiko pale pale.

Pendekeza mawili, si zaidi. Tumia la kwanza siku mbili nzima, kisha la pili siku mbili, na uone lipi analijibu kwa kugeuka au kutabasamu, au lipi anajaribu kulirudia hata nusu. Akirudia kwa kosa, chukua kosa lake. Umesema Tepe, yeye anasema “Pepe”. Basi aitwe Pepe.

Kimya cha mtoto nacho kina mpaka wa kuchukuliwa kirahisi. Mtoto aliyetimiza miaka miwili ambaye maneno yake yote hayafiki 50, au haunganishi maneno mawili kama “mama njoo”, apelekwe kliniki ya mama na mtoto waangalie na masikio yake. Hapo suala si jina la tedi tena.

Tatu, pitisha jina kwenye maneno ya nyumbani

Kabla hamjalizoea, lisemeni kwa sauti na mjiulize linafanana na nini. Keti na Geti nimeshazitaja. Lala litakuchanganyia usiku. Dudu ni neno ambalo nyumba nyingi hulitumia kumtisha mtoto asiende gizani, na huwezi kumtisha kwa jina la kitu kinachomtuliza. Popo hupendeza mdomoni lakini wazee wengi hawatafurahi kulisikia likiitwa usiku ndani ya nyumba. Pepo liache kabisa, siku mtoto atakapopiga kelele “Pepo wangu!” kanisani katikati ya maombi, utaelewa. Pupu na Titi najua hutazichagua, ila mtoto anaweza kuzichagua yeye. Akifanya hivyo, msicheke, maana kicheko ndicho kinacholigandisha neno. Jibuni kwa jina la karibu lenye herufi moja tofauti, kama tulivyofanya na Teti.

Halafu kuna lugha za huku kwetu. “Tata” ni sauti rahisi sana kwa mtoto, lakini kwa Wanyakyusa na majirani zao ndivyo baba anavyoitwa. Mtoto wa Rungwe anayemwita tedi Tata ataleta utata babu akiwapo. Na fikiria mdomo wa bibi pia. Kinyakyusa hakina “r” wala “z”, hivyo bibi aliyekulia nacho atamwita tedi Roza “Losa”, na mtoto wa miaka miwili anaweza asijue kwamba ni yule yule. Teti, Yoya, Mimo, Wawa: haya yanatamkika sawa Tukuyu, Njombe, Makete na Iringa mjini. Mtoto wa huku hulelewa na mikono mingi, na kila mkono una lafudhi yake.

Nne, majina ya watu

Hili naliweka peke yake kwa kuwa ndilo linaloleta ugomvi wa kweli kwenye familia.

Katika koo nyingi za Nyanda za Juu, jina la marehemu babu au bibi hutunzwa kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Ukimpa tedi jina hilo, kwa wazee umelitupa jina la ukoo kwenye kitu kinachoburutwa mavumbini na kuanikwa kwenye kamba. Hata kama ulifanya kwa mapenzi, hata kama marehemu ndiye aliyemnunulia mtoto tedi huyo. Ukitaka kumkumbuka, mweleze mtoto, “Huyu aliletwa na babu,” na jina liwe lingine.

Kwa Wanyakyusa heshima kati ya mke na baba mkwe wake ilikuwa nzito sana: mkamwana hakutakiwa kukutana naye ana kwa ana wala kulitaja jina lake. Wapo wanaoishika hadi leo kwa kiasi fulani, na wapo walioiacha. Lakini hebu fikiria mama huyo akitakiwa kuita jina la mkwewe mara ishirini kwa siku kwa sababu dada wa kazi alimpa tedi jina hilo bila kujua. Uliza kabla: “Mama, kuna mtu wa nyumbani anaitwa hivi?” Swali moja kwa mama mkwe linatosha, na atafurahi kuulizwa.

Majina kama Lusajo, Atupele, Ipyana au Tumaini ni mazuri, na yamebeba shukrani na imani za wazazi. Yaachieni watoto wa watu. Kuna sababu ya vitendo pia: kituoni kwetu hakuna wiki ambayo Lusajo hayupo, na tukisema “Lusajo amelowa, avuliwe,” hatutaki kufikiria mara mbili tunamzungumzia nani.

Tano, liite kwa mbali na kwa kunong'ona

Simama mwisho wa ua uliite jina kama unayelitafuta. Vokali ya “a” au “o” inabeba mbali. “I” na “u” hufifia. Kisha lala karibu na mtoto gizani ulinong'one. Jina zuri la kitu cha kulalia linafanya kazi zote mbili. Mwisho lisemeni kwenye simu, maana mara nyingi litasemwa hivyo: “Bibi, Yoya amebaki kwako?” Kama upande wa pili wanauliza “nini?” mara mbili, libadilisheni mapema.

Sita, liingizeni kwenye sentensi

Jina halishiki kwa kutangazwa. Linashika kwa kutumiwa, na Kiswahili kinatusaidia hapa. Blanketi “limeanguka”, lakini Teti “ameanguka”. Blanketi “liko wapi”, Teti “yuko wapi”. Mkishalipa jina, badilisheni na upatanisho wote, kila mtu, kila siku. Mtoto huisikia tofauti hiyo kabla hajaweza kuisema, na ndiyo inayomwambia kwamba mmemkubali mwenzake.

Lisemeni jina wakati wa mambo yale yale: akiamka, “Teti ameamka?”, akivishwa sweta, “Teti naye anasikia baridi?”, wakati wa kutoka, “Chukua Teti, tunakwenda.” Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kwa watoto wengi kulielewa, ingawa kulitamka kunaweza kuchukua muda zaidi.

Kitu kimoja msikifanye: msilitumie jina kumtisha wala kumlazimisha. “Teti atakukimbia ukilia,” “Teti hampendi mtoto asiyekula.” Nimewaona watoto waliosikia hivyo wakikataa kushika tedi baada ya kukosea, wakibaki peke yao pale pale walipomhitaji zaidi.

Saba, kufua, nakala ya pili na kupotea

Huku kwetu blanketi la manyoya likifuliwa wakati wa mvua halikauki kwa siku moja. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu sehemu zote za nchi, linaweza kuning'inia siku mbili na bado likawa na unyevunyevu kwenye pindo. Kwa hiyo tafuta la pili mapema. Kama blanketi ni kubwa, likate vipande viwili. Kama ni tedi wa mitumba, jitahidi kupata anayefanana naye kwa manyoya kuliko kwa rangi, kwa kuwa mtoto hutambua kwa ngozi na pua.

Jina liwe moja kwa vyote viwili. Msiseme “Teti mkubwa” na “Teti mpya”, maana hapo mmemwonyesha yupi ni wa bandia. Wabadilisheni kila wiki wachakae pamoja, na wapate harufu ile ile. Na lile linalofuliwa lisemwe kwa ukweli: “Teti anaoga.” Mwacheni aliangalie kwenye kamba. Akishawaona wawili kwa bahati mbaya, usikane. Mtoto mmoja wetu aliwakuta wote kwenye kamba moja, akaketi chini kuwatazama, kisha akasema “Yoya, Yoya,” akachukua mmoja kila mkono. Tangu siku hiyo alikuja nao wawili.

Andika jina kwenye kipande cha kitambaa cha pamba kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na namba ya simu ya mzazi, kisha ukishone bapa pande zote nne ndani ya pindo au chini ya mguu wa tedi. Kisining'inie kama utepe. Jina la mtoto si lazima liwepo. Mtu aliyeokota tedi stendi ya Nane Nane anahitaji namba ya kupiga tu. Na ukipiga simu au ukienda kuuliza kwa kondakta, taja sura kwanza: “blanketi dogo la kijivu, pindo la uzi mwekundu.” Jina ni la mtoto kukitambua kitakaporudi.

Kikipotea moja kwa moja, msimpe kingine siku hiyo hiyo na kukiita jina lile lile. Atajua, naye atakasirika. Leteni kitu kingine bila jina, kikae karibu, kisha subirini daftari lijae tena.

Jina likibadilika

Anapofika miaka mitatu hivi, mdomo utakuwa umenyooka, na anaweza kuanza kusema “blanketi” vizuri kabisa huku bado akimwita Teti. Mfuateni yeye. Wengine hurefusha: Yoya anakuwa Yoyaya, Pepe anakuwa Mzee Pepe. Wengine huanza kuona aibu mbele ya wenzao na kulisema nyumbani tu, na hapo msilitaje mbele ya wageni. Binti wa Uyole sasa anasema “k” bila shida. Anatuambia “keti chini mwalimu,” nasi tunaketi, na blanketi begani mwake bado ni Teti.